Wingi uliomo katika kiambishi: Upatanisho wa ngeli katika hati za kisheria za Katanga

Tangu Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 142 kinaitaka Serikali ya Kongo ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, katika siku 60 baada ya kutiwa sahihi. Hapa Likasi wajibu huo unazusha swali la kisarufi. Hati huandikwa na watu ambao Kiswahili chao cha kila siku kina upatanisho tofauti na ule wa Kiswahili sanifu. Anayezisahihisha atafanyaje asibadilishe maana?

Yafaa kwanza tutazame chanzo cha tofauti hiyo. Kiswahili kilifika Katanga kwa njia ya misafara ya biashara, wakati Msiri alipotawala Bunkeya, yaani kabla ya mwaka 1891. Baada ya kuundwa kwa Union Minière mwaka 1906, kikawa lugha ya kambi za wafanyakazi waliotoka makabila mengi. Wengi wao walizungumza lugha za Kibantu zenye ngeli kamili, kama Kibemba na Kiluba, kwa hiyo si kweli kwamba hawakuzijua ngeli. Kilichopungua ni upatanisho wa lugha hii ya pamoja: kwa vitu visivyo na uhai, kiambishi i- cha kitenzi na ya ya umilikaji vilienea karibu kila mahali. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, Kongo haikuwamo. Polomé alipoieleza lahaja ya Lubumbashi mwaka 1968, alikuta mfumo uliokwisha kujijenga.

Mfumo huo una mantiki yake. Kwa kuwa i- haitofautishi umoja na wingi, wingi huonyeshwa na nomino yenyewe, hasa kwa kiambishi ma-: nyumba, manyumba. Katika Kiswahili sanifu mambo ni kinyume. Nomino ya ngeli ya 9 na ya 10 haibadiliki, na wingi hubebwa na upatanisho: nyumba ya, nyumba za.

Natuchukue mfano wa mirathi, uliotungwa kwa ajili ya makala haya. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 humpa mjane haki ya kuitumia nyumba waliyoishi wanandoa. Tuseme hati imeandikwa hivi:

«Mwanamuke mujane atabakia mu ile nyumba yenye balikuwa banaikala na bwana yake, manyumba ingine ya marehemu itagawanywa kwa barithi.»

Msahihishaji mwenye haraka ataondoa ma-, kwa kuwa si sanifu, aandike: «nyumba nyingine ya marehemu itagawanywa kwa warithi». Kisarufi sentensi haina dosari, lakini kisheria imeharibika, kwani sasa inataja nyumba moja tu. Kama marehemu aliacha nyumba nne, mbili hazina tena neno linalozigusa. Sahihisho lililo salama ni hili:

«Mjane atabaki katika nyumba ambayo yeye na mumewe walikuwa wakiishi, nyumba nyingine za marehemu zitagawanywa kwa warithi.»

Ionekane kwamba nyingine haisaidii, maana umbo lake ni lile lile katika umoja na wingi. Wingi wote uliokuwa katika ma- umehamia katika za na zi-. Aidha, yenye, ambayo kwetu ni kirejeshi, imegeuzwa kuwa ambayo, kwani katika Kiswahili sanifu huonyesha umilikaji.

Hatari hii haiko katika ngeli zote. «Bintu yake itaandikwa» huwa «vitu vyake vitaandikwa» bila hasara, kwa sababu wingi unabaki katika nomino. «Bandugu yake batapata» huwa «ndugu zake watapata». Hata mtu akisahau zake, kiambishi wa- bado kinalinda wingi.

Ugumu mwingine hutokea nomino mbili zinapofuatana. «Nyumba na kiwanja ya marehemu» huweza kumaanisha kwamba vyote viwili ni vyake. Ukiandika «nyumba na kiwanja cha marehemu», cha inashika kiwanja peke yake, na nyumba inaachwa bila mwenyewe. Afadhali kuandika «nyumba ya marehemu na kiwanja chake».

Pale ambapo hati haina ma-, kwa mfano «nyumba ya marehemu itagawanywa», sarufi peke yake haiwezi kuamua, kwa kuwa waandishi wengine huacha ma- na bado hukusudia wingi. Hapo hurejewa matini ya Kifaransa, ikiwapo, au orodha ya mali. Visipokuwapo, msahihishaji hana ruhusa ya kuchagua. Humwuliza aliyeandika, nyumba ni ngapi.