Kabla Utoe Doo ya Tableti ya Mtoi, Fanya Hivi Hapo Hapo Dukani

Mse, kama uko Makina na unasakia mtoi wa greidi ya tatu tableti, rangi na kava ya katuni zisikubambe bado. Anza na tundu la chaji, juu ndilo hufa mapema. Chomeka waya, utikise kidogo. Chaji ikiingia na kutoka, hiyo ni shida unauziwa. Kisha finya ikoni moja, uiburute skrini yote bila kuinua kidole. Ikidondoka mahali pamoja kila mara, hapo tachi imekufa. Kava ya raba inayofunika kona zote ni lazima, kwa sababu simiti ya keja haina huruma.

Za mtumba zina noma ingine. Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, halafu iwake ikiwa imeunganishwa na hotspoti yako. Ikiitisha akaunti ya mwenye alikuwa nayo, mrudishie tu. Haitafunguka bila huyo mtu, na pengine iliibwa.

Ikiwa mpya na bei ni ya kushangaza, ingia Play Store, bonyeza picha ya akaunti, Settings, About, usome Play Protect certification. Unataka kuona "Device is certified". Ikikosa hapo, Google haijaipitisha, na Family Link inaweza kukusumbua.

Hiyo Family Link ni ya bure na ndiyo itakusaidia kumchunga mtoi. Tafuta Android 7 kuenda juu. Unamfungulia mtoi akaunti yake, kisha kwa simu yako unaweka masaa ya siku, saa ya kulala, na kila apu anayotaka lazima uikubali. Lakini ukibadilisha kitu, amri mpya haifiki kama tableti haina neti. Pia haichuji video ziko kwa memori kadi, so kadi ya anko ikague kwanza.

Kiswahili nacho, ingia mipangilio ya lugha uweke Kiswahili, uone kama menyu inabadilika kweli. Weka kibodi ya Gboard pia, ndio isikatalie mtoi maneno yake na kuyageuza Kiingereza. Hadithi nazo ziko African Storybook, za bure na zina Kiswahili. Pakua ukiwa na wai-fai, asome baadaye bila bando.

Na Kindle je? Betri yake hukaa wiki kadhaa, na hiyo ni poa sana stima zikipotea. Kitabu cha Kiswahili itafungua bila stori, lakini menyu yake haina Kiswahili. Ile ya kawaida haina rangi, haichezi video, na skrini inaweza kupasuka kwa ndani mtoi akiikalia, juu ikibaki safi. Kwa mtoi wa greidi ya tatu, mimi ningechukua tableti. Kindle ingojee akianza kumaliza vitabu.