Kinga si ya Balozi

Mwezi Julai 2012, Olga Fonseca alipatikana ameuawa kwenye nyumba yake mtaani Runda, Nairobi. Alikuwa kaimu balozi wa Venezuela, na alikuwa ametua Kenya majuma machache tu kabla ya kifo chake. Muda si muda, macho ya wapelelezi yakamgeukia mtu wa ofisi yake mwenyewe: Dwight Sagaray, katibu wa kwanza wa ubalozi.

Hapo ndipo sheria ilipokutana na ukuta. Kenya imejiunga na Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu mahusiano ya kibalozi, na mkataba huo unasema wazi kwamba mwanadiplomasia hakamatwi, hazuiliwi, wala hashtakiwi kwa kosa lolote la jinai katika nchi aliyotumwa. Lolote. Haijalishi kama ni kugonga mtu na gari au kuua. Nyumba anayoishi nayo haiingiliki bila ruhusa, sawa na jengo la ubalozi lenyewe. Katika kesi za madai, kama za deni, kinga ina matundu machache: ardhi au nyumba yake binafsi iliyo nchini, mambo ya urithi, na biashara ya pembeni anayoifanya nje ya kazi yake.

Ukisikia hivyo, utadhani kesi ya Runda ingeishia kwenye uwanja wa ndege. Mara nyingi huishia huko kweli, kwa sababu nchi mwenyeji inabaki na silaha moja ya kawaida: kumtangaza mtu huyo hatakiwi na kumwambia afungashe virago.

Lakini kinga ile haikuwa mali ya Sagaray. Ilikuwa mali ya Venezuela. Mwanadiplomasia ameazimwa tu, ili afanye kazi ya nchi yake bila kutishwa na polisi wa wenyeji. Nchi iliyomtuma ndiyo inayoweza kuiondoa, na ni lazima iseme hivyo waziwazi. Yeye mwenyewe hawezi kuing'ang'ania serikali yake ikishaiondoa. Venezuela iliiondoa. Sagaray akafikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya kama mshtakiwa yeyote yule. Kesi ilijikokota zaidi ya miaka kumi, na mapema 2023 yeye na wenzake watatu wakapatikana na hatia ya mauaji, wakafungwa miaka 20 kila mmoja.

Sasa, kuna kinga nyingine ambayo watu huichanganya na hii: kinga ya dola. Hiyo haimlindi mtu kwa sababu ya cheo chake. Inailinda nchi yenyewe isiburutwe mbele ya hakimu wa nchi nyingine.

Kenya ilikutana nayo katika kesi ya Ndegwa, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Mkenya mmoja aliumia katika ajali ya barabarani iliyohusisha gari la jeshi la Uingereza, akaishtaki Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ili alipwe fidia. Majaji hawakuuliza dereva ana cheo gani. Waliuliza swali tofauti kabisa: je, Uingereza ilikuwa ikifanya kazi ya kiserikali, au ilikuwa ikifanya jambo ambalo mtu binafsi pia angeweza kulifanya, kama biashara? Mazoezi ya kijeshi, walisema, ni kazi ya serikali. Kesi ikaanguka.

Tofauti iko hapo. Kwa balozi, swali ni *wewe ni nani?* Akiwa kazini au akiwa sokoni Jumamosi akinunua nyanya, bado amelindwa. Kwa dola, swali ni *ulikuwa unafanya nini?* Serikali ya kigeni ikiagiza saruji Mombasa halafu ikakataa kulipa, haiwezi kujificha nyuma ya bendera kirahisi hivyo.

Hata muda wake hautofautiani kidogo. Kinga ya mwanadiplomasia humwisha akimaliza kazi na kuondoka nchini; kinachobaki ni ulinzi wa yale aliyoyatenda kikazi pekee. Kosa lake la binafsi halifutiki, na akirudi baadaye kama mtalii anaweza kulikuta likimngoja. Kinga ya dola haina tarehe ya kuisha, maana dola haimalizi mkataba wa kazi.

Linganisha basi watu wawili: familia ya Fonseca ilipata hukumu kwa sababu serikali moja iliamua kumwachilia mtu wake. Majeruhi wa barabarani hakupata chochote, kwa sababu serikali nyingine ilijisimamia yenyewe na haikuwa na haja ya kumwachilia mtu. Katika kesi zote mbili, ufunguo wa mlango wa mahakama ya Kenya ulikuwa mfukoni mwa nchi ya mbali.