Saa 8 za dereva hazifutwi na usiku wa manane

Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, kilichoongezwa mwaka wa 2012, chamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kipindi chochote cha saa 24. Neno "chochote" ndilo huwaponza wengi. Dereva wa matatu ya Kayole aliyeshika usukani Jumatatu kuanzia saa kumi alasiri hadi saa tatu usiku amekwisha tumia saa 5. Akirejea barabarani Jumanne saa kumi na moja alfajiri, ana saa 3 tu za kuendesha kabla ya saa kumi alasiri. Daftari linalofunguliwa ukurasa mpya kila siku huficha jambo hilo, hasa zamu ikipokewa na deiwaka, kibarua ambaye huenda usiku uliotangulia alikuwa akiendesha gari jingine Umoja.