Moto wa umeme

Moto wa umeme ni moto unaowaka kwenye waya, soketi au kifaa ambacho bado kina umeme. Maji hayafai kuuzima. Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi zilizoyeyuka, nazo hupitisha umeme. Anayemwaga ndoo juu ya ekstensheni inayowaka anaweza kuunganishwa na waya wenye volti 230 kupitia maji yale, au kupitia sakafu iliyolowa anapokanyaga. Mkondo wa takriban miliampea 30 ukipita kifuani unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Pasi hutumia zaidi ya mara mia ya huo. Maji pia huweza kusababisha shoti mpya na cheche.

Tuseme pasi na jiko la umeme vimechomekwa kwenye ekstensheni moja nyembamba. Waya hupata joto, plastiki hunuka na kuyeyuka, kisha huwaka. Kwanza zima swichi kuu, ikiwa unaifikia bila kupita kwenye moto au moshi. Usishike plagi inayoungua. Kisha tumia mtungi wa unga mkavu au wa gesi ya kaboni dayoksaidi, ukilenga chini ya miali. Mchanga mkavu hufaa kwa moto mdogo. Gesi haipoozi sana, hivyo moto huweza kurudi ikiwa umeme haujakatwa.

Moto ukishika dari, toka na wote waliomo, funga mlango, na kwa Tanzania piga 114.