Kosa Lisilo na Kitendo: Uzururaji katika Kanuni ya Adhabu, Ukitazamwa kutoka Tunduma

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, unapakana na Zambia upande wa Tunduma na Malawi upande wa Ileje. Nchi hizi tatu zilirithi kwa Waingereza kanuni za adhabu zilizofumwa kwa uzi mmoja, na kosa la uzururaji lilikuwamo katika zote. Hata hivyo, kijana anayekutwa barabarani usiku wa manane pale Isongole, wilayani Ileje, anaweza kushtakiwa kwa maneno ambayo Mahakama Kuu ya Malawi iliyatangaza kuwa batili Januari 2017. Akivuka mpaka kuingia wilaya ya Chitipa, mwenendo uleule haumfanyi mhalifu.

Makala haya yanatetea kufutwa kwa vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania. Kuna hoja moja maarufu ambayo sitaiegemea, nayo ni kwamba vifungu hivi ni mabaki ya ukoloni. Ni kweli kwamba chimbuko lake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1824, na ni kweli kwamba Tanganyika ya kikoloni iliongeza juu yake sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Lakini sheria ya wizi nayo ililetwa na mkoloni, wala hakuna anayedai ifutwe. Isitoshe, uzururaji tumeufanya wetu. Mwaka 1981 Bunge la Uingereza lilifuta kipengele cha kumkamata mtu kwa kushukiwa tu kwamba anarandaranda kwa nia ya kufanya uhalifu. Mwaka 1983 sisi tulikwenda kinyume chake: wakati wa kampeni ya Nguvu Kazi, kifungu cha 176 kilipanuliwa kimguse mtu mwenye afya asiyefanya kazi ya uzalishaji, na hata mwajiriwa anayekutwa akishughulikia mambo yake saa za kazi. Aliyepanua hakuwa gavana.

Kasoro yenyewe imo katika muundo wa kosa. Sheria ya jinai kwa kawaida hutaja kitendo, kisha hudai nia. Mwizi lazima awe amechukua, na mvunjaji wa nyumba lazima awe ameingia. Kifungu cha 177 hakidai hivyo. Kipengele chake kimoja kinamlenga mtu anayeshukiwa, au anayesemwa kuwa mwizi, ambaye hana njia ya dhahiri ya kujipatia riziki na hawezi kujieleza akaridhisha. Kipengele kingine kinamlenga anayekutwa karibu na jengo, barabarani au mahali pa hadhara, kwa wakati na katika mazingira yanayomfanya mtu ahitimishe kwamba yupo hapo kwa jambo lisilo halali au la fujo. Katika vyote viwili kinachoadhibiwa ni hitimisho la mtazamaji. Aliyetazamwa hakulazimika kufanya lolote zaidi ya kuwapo.

Tunduma ndiyo mahali pa kuona jinsi muundo huo unavyofanya kazi, kwa sababu uchumi wa mji huo umesimama juu ya kusubiri. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo yanapita hapo, na foleni yake imezaa kazi ambazo hazina ofisi wala saa. Utingo hulala chini ya lori ili turubai lisikatwe. Makuli husogea pale gari la mahindi linapotarajiwa kushusha, hata kama ni saa nane usiku. Madalali wa nafaka, wabadilisha fedha, mama lishe na vijana wa bodaboda wanakaa palepale kwa sababu mteja wao hana ratiba. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 kati ya Tunduma na Nakonde kilikusudiwa kupunguza muda wa kukaa mpakani, lakini shughuli za usiku hazikukoma. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta mji wenye watu wasiofika 100,000. Ile ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya 200,000. Wengi wa watu hao wapya ndio hasa wale ambao riziki yao haionekani kwa macho ya sheria.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuli mmoja kutoka Kamsamba anasimama saa sita usiku kando ya eneo la kuegesha malori, akisubiri simu ya dalali. Doria inapita na kumuuliza anafanya nini. Anajibu kwamba anasubiri kazi. Hana kitambulisho cha kazi, kwa kuwa kuli hapewi kitambulisho, na dalali hapokei simu. Anakamatwa. Mahakama ya Mwanzo inapotaka ushahidi, ushahidi ni askari mwenyewe: kwamba alimkuta, kwamba ilikuwa usiku, kwamba wizi wa mizigo hutokea hapo, na kwamba hakujieleza vizuri. Mambo manne hayo yote yanaweza kuwa kweli, na bado yasithibitishe lolote kuhusu mtu huyu. Kila neno lingemfaa pia utingo aliyelala mita kumi kutoka hapo. Tofauti yao ni kwamba utingo ana lori la kuonyesha.

Hapo ndipo mzigo wa kuthibitisha unapohama bila kutangazwa. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inamhesabu mshtakiwa kuwa hana kosa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kosa linalotimia pale mtu anaposhindwa kujieleza humtaka yeye ndiye athibitishe kwamba hana hatia, tena athibitishe kwa vitu ambavyo maskini hana: mkataba, anwani, mwajiri wa kumpigia simu. Mshtakiwa mwenye busara ya mtaani hukiri ili arudi kazini. Kukiri huko kuna gharama isiyoonekana siku ile. Vifungu hivi viwili vimejengwa kama ngazi, kwa kuwa mtu aliyewahi kutiwa hatiani chini ya 176, akirudi tena kwa kosa la kifungu hichohicho, anahesabiwa kuwa mzururaji chini ya 177, ambako adhabu ni kali zaidi. Kukiri kule kwa haraka kunakuwa kidato cha kwanza.

Malawi ililikabili tatizo hili kupitia kesi ya Gwanda. Mlalamikaji alikuwa mchuuzi wa mifuko ya plastiki aliyekamatwa alfajiri mwaka 2015 akiwa njiani kwenda kwenye biashara yake. Kipengele kilichopingwa kinafanana karibu neno kwa neno na chetu kuhusu anayekutwa barabarani kwa wakati na mazingira ya kutiliwa shaka, na Mahakama Kuu ilikiona kinavunja Katiba, pamoja na haki za utu na uhuru. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ilifuta vipengele vya aina hiyo katika kifungu cha 168 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo. Katikati ya hukumu hizo mbili, tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni ya ushauri yaliyoombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika: sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika, na nchi zinawajibika kuzipitia upya, kuzirekebisha au kuzifuta. Mahakama hiyo inakaa Arusha.

Maoni ya ushauri si hukumu, na hayamfungui mahabusu wa Tunduma. Wala mwananchi hawezi kwenda Arusha moja kwa moja kudai yatekelezwe, kwa kuwa Novemba 2019 Tanzania ilitoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri huko. Yamebaki malango mawili, Mahakama Kuu na Bunge. Kwa lango la kwanza kipimo kipo tangu mwaka 1993, pale Mahakama ya Rufani katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun iliposema kwamba sheria inayobana haki ya msingi lazima isitoe mwanya wa maamuzi ya kiholela, na isibane kuliko inavyohitajika kufikia lengo halali. Naona kifungu cha 177 kinashindwa sharti la kwanza kabla hakijafika la pili. Kosa ambalo mipaka yake inategemea nani anatazama halina kinga dhidi ya uholela. Uholela ndio namna yake ya kutumika.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa kwa uzito. Wizi wa mafuta na mizigo kwenye malori ni jambo la kweli, na mkuu wa kituo cha polisi atauliza askari wake asubiri nini, turubai likatwe kwanza? Asisubiri. Kanuni ya Adhabu ileile inaadhibu jaribio la kutenda kosa, kwa hiyo anayeanza kukata turubai tayari ameshaingia mikononi mwa sheria. Kifungu cha 299 kinamshughulikia anayeingia eneo la mtu kwa nia ovu, na cha 298 anayekutwa na silaha au zana akiwa na nia ya kutenda uhalifu. Anayebadilisha fedha bila leseni ana kanuni za Benki Kuu za kumkabili. Ninachokiona ni kwamba kila hofu ya kweli ya mji wa mpakani ina kosa lake mahususi, na kila kosa hilo linadai jambo moja ambalo 177 hakilidai: kitendo au zana inayoweza kuwekwa mbele ya hakimu. Yule ambaye hana kitendo wala zana, polisi wanaweza kuendelea kumwangalia. Kumwangalia hakuhitaji mahabusu.

Hata msako wa pamoja, ambao ndio watetezi wa vifungu hivi huutegemea zaidi, unadhoofisha upelelezi. Askari akipimwa kwa idadi ya waliokamatwa, njia nyepesi ni kwenda palipo na watu wengi waliosimama, na Tunduma watu wamesimama kila mahali. Mwizi wa mizigo, ambaye kwa kawaida ana mnunuzi na usafiri uliopangwa, ndiye asiyesimama.

Muswada wa kufuta ungehitaji uangalifu katika sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba kifungu cha 176 ni kapu la mchanganyiko. Ndani yake yamo makosa yenye kitendo, kama tendo la aibu hadharani au mwenendo unaoelekea kuvunja amani. Hayo yahamishiwe penye makosa dhidi ya utulivu wa umma, na yabaki hapo bila jina la uzembe. Kipengele cha ombaomba na kile cha mtu asiye na kazi vifutwe bila kuwekewa mbadala. Kipengele cha mwanamke anayedaiwa kurandaranda kwa ajili ya ukahaba kinahitaji mjadala wake, ila hata kabla ya mjadala huo ni dhahiri kwamba mpakani kinamkamata muuza chakula wa usiku kwa urahisi uleule, kwa sababu askari anasoma saa na mavazi.

Ya pili ni sheria ndogo. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo kuhusu usafi, masoko na maegesho, na uzururaji ukifutwa Dodoma unaweza kurudi kupitia mlango huo, ukivaa sare ya mgambo. Kwa hiyo muswada uzuie waziwazi sheria ndogo yoyote kufanya kuwa kosa kule kuwapo tu mahali pa hadhara, na uelekeze kwamba hatia zote zilizowahi kutolewa chini ya vipengele vilivyofutwa zisihesabiwe tena dhidi ya mtu katika shauri lingine lolote.