Umahususi: dai lenye mahali pa kulishika

Katika slaidi za semina, za vikao vya halmashauri na za mikutano ya wawekezaji kuna sentensi ambayo haikosekani: mahali fulani pana "utajiri mkubwa wa kihistoria unaotambulika kimataifa na fursa nyingi za utalii". Hakuna anayeipinga, na hakuna anayeikumbuka baada ya chai ya saa nne. Kinachokosekana humo wengi hukiita takwimu, wengine ushahidi. Mimi naona jina lake ni umahususi, na kwamba kuchagua jina hili badala ya takwimu kunabadilisha kazi yenyewe ya kuandika slaidi. Mahususi ni neno lenye asili ya Kiarabu, la mzizi mmoja na hasa na hususani: ni kitu kilichotengwa na vingine kikawa cha mmoja, si cha wote. Kwa hiyo dai mahususi ni lile ambalo haliwezi kuhamishiwa kwa mwingine bila kugeuka uongo. Takwimu ni njia mojawapo ya kufika hapo. Ukimwambia mwandishi "weka takwimu", atatafuta namba yoyote iliyo karibu na kuibandika. Ukimwambia "lifanye dai liwe mahususi", itabidi kwanza ajiulize anadai nini.

Tuichukue sentensi ile tuipeleke Pande, pwani ya kusini ya Wilaya ya Kilwa, ambako kisiwa cha Songo Mnara kina magofu ya mji wa Waswahili uliokaliwa kati ya karne ya 14 na ya 16. Kipimo cha kwanza ni kubadilisha jina. Ondoa Pande, weka Bagamoyo, kisha Pangani, kisha Lamu. Sentensi inakaa kote bila kuguswa neno hata moja, maana yake haijasema lolote kuhusu Pande. Sasa tuivunje vipande. "Utajiri mkubwa wa kihistoria" ni nini ambacho mtu akiteremka mashuani atakiona? Maelezo ya UNESCO kuhusu magofu hayo yanataja masalia ya misikiti mitano, jumba moja la kifalme na nyumba zipatazo 33 za mawe ya matumbawe na mbao, ndani ya kuta za mji. "Unaotambulika kimataifa" nako kuna tarehe: Songo Mnara iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na Kilwa Kisiwani. Slaidi basi inaweza kusomeka hivi: "Songo Mnara, Pande: misikiti 5, jumba la kifalme 1, nyumba za mawe zipatazo 33. Urithi wa Dunia tangu 1981." Ni fupi kuliko ile ya mwanzo, na haihamishiki hata hadi Kilwa Kisiwani, maili chache tu kaskazini.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wengi wangelificha. Mwaka 2004 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya kuchakaa, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Mwandishi wa slaidi za kuvutia wageni atasita kuliandika hilo. Aliandike. Msomaji anayeona mtu ametaja mwaka wa hatari pamoja na mwaka wa nafuu anajua mbele yake kuna historia iliyofuatiliwa, si sifa zilizookotwa. Dai mahususi huaminika kwa kuwa limejiweka wazi kupingwa: yeyote anaweza kwenda kuangalia kama mwaka ulikuwa 2014 au la. "Utajiri mkubwa" hauna pa kupingwa, na kwa hiyo hauna pa kuaminiwa.

Tukibaki na neno takwimu, hata hivyo, tutaikosa nusu ya mambo. Chukua dai la kwamba Kilwa ilifanya biashara mbali sana. Hapa anayetafuta namba atahangaika, kwa sababu hakuna daftari la forodha la karne ya 14 lililotufikia. Lakini katika magofu ya Zimbabwe Kuu ilipatikana sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa. Sarafu moja, yenye jina la mtu, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani ilikofuliwa. Hiyo si takwimu kwa maana yoyote ya neno, ila ni mahususi kabisa, na kwenye slaidi ina nguvu kuliko asilimia yoyote ambayo mtu angeibuni. Kiswahili chenyewe kimezoea vipimo vya namna hii. Mvuvi hasemi tu maji ni ya kina kirefu, husema ni pima ngapi. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi. Lugha ya "mbalimbali", "kadhaa" na "kwa kiasi kikubwa" ni ya ofisini, haikutoka baharini wala sokoni.

Atasema mtu: namba nazo hudanganya. Kweli, na pingamizi hili ni zito. Slaidi ikisema wageni wameongezeka kwa asilimia 100, huenda walikuwa wawili wakawa wanne. Hapo ndipo inapofaa kutofautisha umahususi na usahihi, maneno ambayo huchanganywa. "Kilwa ni mji wa kale" ni sahihi lakini si mahususi. "Kilwa ina misikiti 300 ya kale" ni mahususi lakini si sahihi. Umahususi hauzuii uongo, ila unaufanya ugundulike, mradi namba isiachwe peke yake. Inahitaji kuandamana na kitu kilichohesabiwa, kipindi cha hesabu, na aliyehesabu. Asilimia inahitaji pia idadi ya mwanzo, la sivyo haijakamilika.

Songo Mnara penyewe panaonyesha kwa nini aliyehesabu lazima atajwe. Waakiolojia waliochimba huko miaka ya karibuni wanahesabu misikiti sita, na majengo ya makazi zaidi ya 40. UNESCO haikudanganya, wala wao hawajadanganya. Ukuta uliofunikwa na vichaka kwa mmoja ni kifusi, kwa mwingine ni msikiti baada ya kufyekwa na kupimwa. Na jengo lenye nyua mbili linaweza kuhesabiwa nyumba moja au mbili. Mwandishi asiyetaja chanzo atapigwa swali na mtu mmoja ukumbini aliyesoma hesabu nyingine, na slaidi zote zilizobaki zitasikilizwa kwa shaka. Maneno mawili matatu kwa herufi ndogo chini ya slaidi, "hesabu ya UNESCO", yanatosha kumlinda.

Wapo pia wanaoona kwamba namba zinajaza slaidi na kuchosha macho. Zinachosha zikiwa nyingi, na dawa yake ni kuacha nyingine mdomoni mwa msemaji. Slaidi ya Songo Mnara hapo juu ina namba nne, na nadhani ya tano ingekuwa mzigo.

Kipande cha mwisho, "fursa nyingi za utalii", sijakigusa makusudi. Hicho hakitokani na kitabu. Kinahitaji mtu wa Pande anayejua mashua ngapi zinavusha wageni, nauli ni kiasi gani, maji yakipwa abiria hushukia wapi, na kama kuna nyumba ya kulala mgeni aliyechelewa kurudi. Majibu hayo yakipatikana, yaandikwe yalivyo, hata kama mashua ni moja. Yasipopatikana, mstari huo ufutwe na nafasi yake ibaki nyeupe.