Tippu Tip ni wangapi?

Mwaka 1905 Heinrich Brode alichapisha mjini Berlin kitabu cha maisha ya mfanyabiashara mashuhuri wa Unguja na Kongo. Jina lililowekwa juu ya kitabu lilikuwa Tippu Tip. Miaka miwili baadaye kitabu hichohicho kilitoka London kwa Kiingereza, na safari hii mtu huyo aliitwa Tippoo Tib. Msafiri Stanley alikwisha kumwandika Tippu-Tib. Mwenyewe, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, ni Hamed bin Muhammed el Murjebi.

Mkutubi wa zama za kadi alikuwa na kazi ngumu. Akiliweka jina chini ya T, anayetafuta Hamed hamwoni. Akiliweka chini ya H, anayetafuta Murjebi anaondoka mikono mitupu. Dawa yake ilikuwa rekodi ya jina: jina moja linachaguliwa kuwa kichwa, na mengine yote yanaandikwa chini yake yakimwelekeza msomaji kwenye hilo moja. Katika rekodi za kompyuta za leo kichwa hicho kinakaa kwenye sehemu yenye namba 100, majina mengine kwenye 400, na ushahidi, yaani kitabu gani kimesema nini, kwenye 670. Anayetafuta historia aanzie huko kwenye 670. Wengi huishia kwenye kichwa.

Lakini kila nchi ilijichagulia kichwa chake. Ndiyo maana mwaka 2003 Maktaba ya Bunge la Marekani, maktaba ya taifa ya Ujerumani na shirika la OCLC walikubaliana kuziunganisha rekodi zao, na hapo ukaanza mradi wa VIAF. Kompyuta hulinganisha majina, miaka na vitabu, kisha hukusanya rekodi zinazoelekea kuwa za mtu mmoja. Miaka ikitofautiana, au jina likiwa limeandikwa kwa namna ya mbali sana, mtu mmoja anaweza kugawanyika akawa wawili. Njia nzuri ya kuligundua hilo ni kutafuta kwa kitabu badala ya jina. Andika “Maisha ya Hamed bin Muhammed”, uone mwandishi amewekwa kwenye mafungu mangapi.

Hatari ya pili ni kinyume chake, nayo inanitia wasiwasi zaidi: watu wawili kufanywa mmoja. Unguja ya miaka hiyohiyo ilikuwa na Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyetawala tangu 1896. Kwa Kiarabu, jina Hamed na jina Hamoud hapa yanatofautiana kwa herufi moja tu, waw. Karani wa Kizungu aliyeandika kwa kusikia angeweza kumbadilisha mmoja kuwa mwingine bila kujua. Kinachowatenganisha ni nasaba, kwani mmoja ni Al Busaidi na mwingine Murjebi, pamoja na mwaka wa kufa: Sultani alifariki Julai 1902, Tippu Tip Juni 1905. Barua ya mwaka 1904 iliyotiwa saini “Hamed bin Muhammed” haiwezi kuwa ya Sultani. Barua ya 1899 inataka uangalifu: tazama nisba, muhuri, na anayeandikiwa ni nani.

Mwaka wa kuzaliwa ndio wenye utata. Vitabu vingine vinasema 1832, vingine 1837. Katika masimulizi yake Tippu Tip anaanza kwa umri, si kwa mwaka: alikuwa wa miaka 12 alipoanza safari fupi za biashara ya sandarusi. Umri huo haukupi mwaka mpaka upate tukio lenye tarehe la kuuegemeza. Kwa hiyo 1837 ni makadirio, na rekodi iliyoandikwa vizuri huweka neno “takriban” mbele yake. Neno hilo huanguka njiani data zinaponakiliwa. Ukikuta 1837 kwenye tovuti tano, usihesabu mashahidi watano kabla ya kuuliza kila moja imeutoa wapi. Mara nyingi zote zinanakili rekodi moja.

Katika Wikidata, iliyoanza mwaka 2012, kuna mtego mwingine. Ukiuliza kwa SPARQL, mwaka usio na siku hutolewa hivi:

```
1837-01-01T00:00:00Z
```

Pembeni yake kuna kipimo cha usahihi: 9 maana yake mwaka tu unajulikana, 11 maana yake hata siku inajulikana. Anayechukua tarehe na kukiacha kipimo anampa Tippu Tip siku ya kuzaliwa, tarehe 1 Januari, ambayo hakuna aliyepata kuiandika. Kwa hiyo ukiona mtu wa karne ya 19 wa pwani yetu “amezaliwa” tarehe hiyo, rudi kwenye rekodi uangalie ile namba. Ikiwa ni 9, futa siku na mwezi, weka “takriban”, na taja kwamba wapo wanaosema 1832.